Seva Ikilala, Ofisi Nzima Huganda

Katika ofisi moja ndogo ya uchapaji jijini Dar es Salaam, kompyuta tatu za wasanifu wa mabango na kadi zilikuwa zinaganda kwa pamoja karibu kila mchana. Haikuwa programu moja kuzidiwa na kazi. Kipanya kilitembea vizuri kwenye kioo, saa ya pembeni iliendelea kwenda, na muziki uliokuwa unacheza haukukatika. Lakini aliyebofya kuhifadhi kazi yake aliona dirisha linafifia na kubaki hivyo hivyo. Aliyefungua dirisha la mafaili kutafuta nembo naye alikwama. Mwingine alitaka tu kuambatisha risiti kwenye barua pepe, risiti ambayo ipo kwenye diski ya kompyuta yake mwenyewe, na dirisha la kuchagua faili likafunguka nusu likasimama. Baada ya nusu saa, wakati mwingine saa nzima, kila kitu kilirudi kwa mkupuo. Siku za Ijumaa hali ilikuwa mbaya zaidi.

Nilipoitwa, ofisi ilikuwa imeshabadilisha swichi ya mtandao na nyaya mbili, na mwenye ofisi alikuwa anaulizia bei za kompyuta mpya. Dada anayesimamia usanifu alinipigia simu akasema, "Fundi, ukija njoo saa saba. Ukija asubuhi hutaona kitu." Hapo alikuwa ameshanipa nusu ya jibu, kwa sababu swichi mbovu haijui saa za chakula.

Kazi zote za ofisi ile zinakaa kwenye folda moja inayoitwa kazi, iliyoko kwenye diski kubwa ndani ya kompyuta ya mapokezi. Kompyuta hiyo inaendeshwa na Debian, na ndiyo seva yao. Kompyuta za wasanifu nazo zinatumia Linux, na kila moja imeipachika folda ile kwenye njia ya /mnt/kazi kwa utaratibu wa NFS, ambao kampuni ya Sun Microsystems iliutoa mwaka 1984 na mpaka leo unatumika kila mahali. Kupachika maana yake ni kuifanya folda iliyo mbali ionekane kama sehemu ya diski ya hapa hapa. Programu ya kuchora haijui kwamba faili lipo chini mapokezi. Inaomba lifunguliwe, na kiini cha Linux kinalituma ombi hilo mtandaoni bila kuiambia programu chochote.

Urahisi huo ndio unaoleta shida. Diski iliyo ndani ya kompyuta yako ina majibu mawili tu: inatoa data, au inasema imeshindwa. Mtandao una hali ya tatu, nayo ni ukimya. Seva isipojibu, kompyuta inayouliza haiwezi kujua kama seva imezimwa, imelala, waya umechomoka, au ina kazi nyingi na itajibu baada ya sekunde kumi. Programu nyingi zimeandikwa na watu waliokuwa wanafikiria diski ya ndani, kwa hiyo hazina maandalizi yoyote ya ukimya. Zinauliza na kusubiri. Kama swali limeulizwa na ile sehemu ya programu inayochora dirisha, dirisha lote linasimama.

Muda wa kusubiri hauamuliwi na programu. Unaamuliwa na namna folda ilivyopachikwa, na hapa kuna chaguo moja linalostahili kueleweka vizuri. NFS kwenye Linux, usipoiambia vingine, hupachika kwa `hard`. Maana yake ni kwamba kiini cha Linux hakitakata tamaa kamwe. Kinatuma ombi na kusubiri sekunde 60. Kisipojibiwa kinarudia, safari hii kwa kusubiri muda mrefu zaidi, na baada ya kama dakika tatu za kimya kinaandika malalamiko kwenye kumbukumbu za mfumo. Kisha kinaendelea kusubiri. Seva ikirudi baada ya saa moja au kesho asubuhi, ombi lile lile linakamilika na programu inaendelea pale ilipoishia bila kujua kwamba muda umepita.

Watu wengi wakisikia hivyo huona ni ubaya mtupu. Mimi sioni hivyo, na nitaeleza mbele kwa nini. Kwanza tuone jinsi ya kumtambua mhusika, maana kuganda kwa aina hii kunafanana na matatizo mengine matatu au manne, na kila moja lina dawa yake.

Siku ile nilifika kabla ya saa saba nikakaa kwenye moja ya kompyuta za ghorofani, dirisha la amri likiwa wazi tayari. Jambo la kwanza ni kutotumia amri ambazo nazo zitakwama. Amri ya `df`, ambayo kila mtu huikimbilia kuangalia diski, huuliza kila folda iliyopachikwa ina nafasi kiasi gani, ikiwemo ile iliyokufa, na yenyewe inaganda pale pale. Hali ni hiyo hiyo kwa `ls /mnt`, maana mara nyingi huuliza habari za kila kilichomo. Amri salama ni `findmnt`, kwa sababu inasoma orodha iliyo ndani ya kompyuta yenyewe na haiigusi seva:

```
findmnt -t nfs,nfs4,cifs
```

Ikishakuonyesha folda ipi imetoka wapi, unaijaribu ile folda huku umejiwekea ukomo, ili jaribio lisikukwamishe na wewe:

```
timeout -s KILL 5 stat -f /mnt/kazi || echo "haijibu"
```

Ilipofika saa saba na dakika 24 mchana, dada mmoja nyuma yangu alisema, "Tayari, imeanza." Jaribio langu likaandika "haijibu" baada ya sekunde tano. Kisha nikaangalia programu zipi zimekwama:

```
ps -eo pid,stat,wchan:25,comm | grep ' D'
```

Herufi D kwenye safu ya pili inamaanisha programu iko ndani ya kiini cha Linux ikisubiri kitu, na haiwezi kufanya lolote mpaka kipatikane. Zilikuwepo tatu: programu ya kuchora, dirisha la mafaili, na ile kazi ndogo ya nyuma inayotengeneza picha ndogondogo za mafaili. Mbele ya zote tatu kulikuwa na neno moja, `rpc_wait_bit_killable`, ambalo ndilo jina la pale kiini kinaposubiri jibu la seva ya NFS. Neno hilo ukiliona huna haja tena ya kushuku kumbukumbu ndogo, virusi au programu mbovu. Pia unajua kwa nini kipimo cha mzigo wa kompyuta kimepanda ilhali kichakataji kimekaa bure, kwa sababu Linux huzihesabu kazi zilizo kwenye hali ya D kama mzigo.

Yule wa risiti naye alipata maelezo yake. Dirisha la kuchagua faili linapofunguka halionyeshi tu folda unayoitaka. Pembeni linapanga vialamisho, vifaa vilivyounganishwa na mafaili ya karibuni, na kwa kila kimoja linaulizia kama kipo. Kialamisho kimoja kinachoelekea /mnt/kazi kinatosha kulisimamisha. Ndiyo maana watu huapa kwamba kompyuta nzima imeharibika, wakati kilichokufa ni folda moja ambayo hawakuwa hata wanaihitaji.

Baada ya hapo nikaiuliza seva yenyewe, kwa hatua mbili. Kwanza kama mashine ipo, halafu kama huduma ya NFS, inayosikiliza kwenye mlango namba 2049, inaitika:

```
ping -c 3 192.168.1.10
nc -zv -w 3 192.168.1.10 2049
```

Majibu ya amri hizi mbili yanagawanya njia. `ping` ikijibu lakini mlango 2049 haujibu, mashine iko macho na huduma ndiyo iliyosimama. Vyote viwili vikijibu lakini folda bado ina matatizo, kuna visa viwili vya kufikiria, na nitavifikia. Sisi hatukupata jibu lolote, hata la `ping`. Mashine nzima ilikuwa kimya, ingawa taa ya swichi kwenye mlango wake ilikuwa bado inawaka. Mwenye ofisi alikuwa ameitazama taa hiyo kila siku akaamini kwamba seva ipo. Kompyuta nyingi zikilala huacha kadi ya mtandao ikipata umeme kidogo, hivyo taa haizimiki.

Nikashuka mapokezi. Kiti kilikuwa kitupu, kijana wa pale alikuwa amekwenda kula, kioo cheusi, na taa ndogo ya kompyuta inawaka na kufifia polepole. Nikaligusa kibodi. Feni zikaanza kuzunguka, na baada ya dakika chache nikasikia kelele za furaha kutoka juu.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Debian ile iliwekwa pamoja na GNOME, mazingira ya madirisha na ikoni, kwa sababu kijana wa mapokezi anaitumia kuandika ankara. GNOME huilaza kompyuta ikiona haitumiki kwa dakika 15 au 20 kutegemea toleo, hata kama imechomekwa kwenye umeme. Nayo hupima matumizi kwa kibodi na kipanya tu. Wasanifu watatu wanaweza kuwa wanavuta na kusukuma mafaili makubwa kwa wakati ule ule, na GNOME bado ikasema hakuna mtu hapa. Asubuhi kijana anaandika ankara kila mara, kwa hiyo seva inakaa macho. Akienda kula, saa inaanza kuhesabu. Akirudi na kugusa kipanya, ofisi inafufuka, naye hajui kwamba ni yeye aliyeiua na kuifufua. Ijumaa anakwenda msikitini na kisha kula, ndiyo maana siku hiyo kuganda kulikuwa kurefu.

Sikutaka mwenye ofisi aamini maneno yangu kwa sababu tu nimegusa kibodi mbele yake. Kumbukumbu za mfumo za pande zote mbili zilikuwa zinaeleza kila kitu kwa saa na dakika. Kwenye seva nilitafuta hivi:

```
journalctl -k | grep 'PM: suspend'
```

Mistari ya Ijumaa iliyotangulia, nikiondoa tarehe, ilikuwa:

```
12:41:07 kernel: PM: suspend entry (deep)
13:37:52 kernel: PM: suspend exit
```

Na kwenye kompyuta ya msanifu mmoja, kwa siku hiyo hiyo:

```
12:47:30 kernel: nfs: server 192.168.1.10 not responding, still trying
13:39:15 kernel: nfs: server 192.168.1.10 OK
```

Tukaisoma pamoja. Kijana aliondoka saa sita na dakika 20. Dakika ishirini baadaye seva ikalala. Msanifu akahifadhi kazi kama saa sita na dakika 44, na baada ya dakika tatu za ukimya kompyuta yake ikaandika malalamiko. Seva iliamshwa saa saba na dakika 37. Kabla ya kulinganisha namna hii hakikisha saa za mashine zote mbili ziko sawa, kwa amri ya `timedatectl`, la sivyo utaona mpangilio usiokuwepo.

Kuna jambo dogo kwenye mistari ile linalowaponza wengi. Seva iliamka, lakini kompyuta ya juu ilichelewa zaidi ya dakika moja kutambua. Kadiri ukimya unavyorefuka, ndivyo kiini kinavyoongeza nafasi kati ya jaribio moja na jingine, kwa hiyo baada ya seva kurudi unaweza kukaa dakika kadhaa kabla ya kuona mabadiliko. Hapo ndipo watu hukosa subira na kubonyeza swichi ya umeme, na wanapoteza kazi ambayo ingehifadhika yenyewe kama wangengoja kidogo.

Kwa hiyo ukikuta watu wamekwama, kitu cha kwanza ni kwenda kuiamsha seva na kuwaambia wasiguse chochote. Kuziua programu kunawezekana. Tangu Linux 2.6.25 programu inayosubiri NFS hukubali kufa kwa `kill -9`, jambo ambalo zamani halikuwezekana. Lakini kila kilichokuwa hakijafika kwenye diski kinakwenda nayo. Ikiwa seva imekufa kweli na hairudi leo, hapo ndipo unapoing'oa folda: kwanza `umount -f /mnt/kazi`, na ikikataa, `umount -l /mnt/kazi`. Hiyo ya pili huiondoa folda kwenye macho ya programu mpya, lakini zile zilizokwama tayari zinabaki zimekwama.

Dawa ambayo mwenye ofisi alikuwa ameshashauriwa na rafiki yake ilikuwa kubadilisha `hard` kuwa `soft`. Kwa `soft`, kiini kinajaribu mara chache kisha kinairudishia programu kosa, na dirisha linaendelea. Inavutia, na ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zaidi. Ukihifadhi faili, data haiendi moja kwa moja kwenye diski ya seva. Inaingia kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta yako, programu inaambiwa imepokelewa, na kiini kinaisukuma kwenda seva nyuma ya pazia. Kwa `soft`, seva ikilala katikati ya kusukuma huko, kosa linarudi mwishoni, wakati programu inalifunga faili. Programu nyingi hazijali jibu la hatua hiyo. Kwa hiyo mtu anaona "imehifadhiwa", anafunga, anakwenda nyumbani, na kwenye seva kuna faili lililokatika katikati. Mwongozo wa NFS wa Linux wenyewe unaonya juu ya uharibifu huu wa kimyakimya. Kwa mchapaji, bango lililogoma kwa saa moja ni hasara ndogo kuliko bango la mteja lililoharibika bila mtu kujua mpaka siku ya kuchapa.

Mahali ambapo `soft` naikubali ni kwenye folda ya kusoma tu. Ofisi ile ina folda ya pili yenye fonti na picha za kununuliwa, ambazo hakuna anayeziandikia. Hiyo tuliipachika kwa `ro,soft,timeo=100,retrans=2`. Namba ya `timeo` huhesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa hiyo 100 ni sekunde kumi, na 600 ya kawaida ni ile dakika moja niliyoitaja. Seva ikinyamaza, anayetafuta fonti anapata kosa mapema na kuendelea na mengine, wala hakuna kinachoharibika.

Kwa folda ya kazi, tiba ilikuwa kuizuia seva kulala. Unaweza kuingia kwenye mipangilio ya umeme ya GNOME na kuzima usingizi wa moja kwa moja, lakini mpangilio huo ni wa mtumiaji mmoja. Kioo cha kuingilia, kile kinachoomba nywila kabla mtu hajaingia, kina mpangilio wake na kinaweza kuilaza mashine usiku au baada ya umeme kurudi, wakati hakuna aliyeingia. Njia inayofunga milango yote kwa pamoja ni hii:

```
sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target
```

Baada ya hapo hakuna programu inayoweza kuilaza mashine kwa kupitia mfumo wa kawaida. Kama seva yako ni laptopu ya zamani, na ofisi nyingi zinaipenda kwa sababu betri yake inavumilia umeme ukikatika, kuna mtego mwingine: kufunga kifuniko kunailaza. Kwenye faili la `/etc/systemd/logind.conf` andika `HandleLidSwitch=ignore`, kisha uiwashe upya. Kwa uthibitisho tuliiacha seva bila kuguswa kwa saa nzima, huku kompyuta moja ya juu ikijaribu folda kila dakika kwa ile amri ya `stat` yenye ukomo. Haikuandika "haijibu" hata mara moja.

Sasa vile visa viwili nilivyoahidi, ambavyo seva inajibu lakini folda inasumbua.

Cha kwanza ni diski kulala huku mashine iko macho. Diski za kuzunguka huweza kuamriwa zisimame zikikaa bila kazi, kwa mfano `hdparm -S 120`, ambayo ni dakika kumi kwa kuwa namba hiyo huzidishwa kwa sekunde tano. Mtu wa kwanza kuigusa folda baada ya hapo anasubiri diski ianze kuzunguka tena, kama sekunde kumi hivi, kisha mambo yanakuwa sawa. Utaitambua kwa sababu `ping` inajibu muda wote na hakuna malalamiko kwenye kumbukumbu, maana sekunde kumi hazifikii ukomo wa sekunde 60. Ukitaka uhakika, `sudo hdparm -C /dev/sdb` kwenye seva itakuambia kama diski iko `standby`. Hili si tatizo la kutibu kwa kubadilisha muda wa kusubiri. Ama unaongeza muda wa diski kabla ya kusimama, ama unavumilia zile sekunde.

Cha pili ni kosa linaloandikwa `Stale file handle`. Hapa folda haigandi kabisa, inakataa papo hapo. Kila faili la NFS linatambulishwa kwa kitambulisho kilichotolewa na seva, chenye alama ya mfumo wa mafaili na namba ya faili ndani yake. Kama kompyuta yako bado inashika kitambulisho cha zamani na seva haikitambui tena, ndilo jibu unalopata. Hutokea pale diski ya seva ilipobadilishwa au kufomatiwa, folda ilipofutwa na kuundwa upya kwa jina lile lile, au seva ilipowashwa na diski ya nje ikachelewa kuunganishwa, kwa hiyo ikagawa folda tupu mahali pa folda ya kazi. Usingizi wa kawaida hauleti kosa hili, kwa sababu seva ikiamka bado inakumbuka vitambulisho vyake. Ukiliona baada ya kuganda, huenda kuna mtu aliizima na kuiwasha seva badala ya kuiamsha tu. Kagua kwanza kwenye seva kama diski imeunganishwa, kisha kwenye kompyuta ya mtumiaji ing'oe folda na uipachike upya.

Mwenye ofisi alikuwa na swali la haki: "Sasa usiku kucha inawaka bure, na LUKU je?" Tuliweka kipimo kwenye soketi, na kompyuta ile ikiwa imetulia ilitumia kama wati 35. Kwa saa 24 hiyo ni karibu uniti 0.84. Ikilala inashuka mpaka wati chache tu. Kwa hiyo kulala kwa saa kumi na moja za usiku kunaokoa takriban theluthi ya uniti kwa siku, yaani kama uniti kumi kwa mwezi. Si nyingi, lakini ni zake, na tulizitafutia njia.

Wengi hudhani kwamba seva iliyolala itaamka yenyewe mtu akigusa folda. Kwa kawaida haiamki. Kadi ya mtandao iliyolala husubiri pakiti maalumu, yenye baiti 6 za FF zikifuatwa na anwani ya kadi yenyewe ikirudiwa mara 16, na ombi la NFS halifanani na hilo. Pakiti hiyo unaweza kuituma kwa amri ya `wakeonlan`, mradi kadi imeruhusiwa kwa `ethtool` na kwenye mipangilio ya ubao mama, na mashine iko kwenye waya. Ni nzuri kwa fundi aliye mbali. Kwa mtu anayebofya ikoni akitarajia faili, haina msaada.

Tulichochagua ni usingizi wa ratiba. Saa mbili usiku, ofisi ikiwa imefungwa, seva inajilaza na kujiwekea kengele ya kuamka baada ya sekunde 39600, yaani saa moja asubuhi:

```
rtcwake -m mem -s 39600
```

Amri hii inazungumza moja kwa moja na kiini cha Linux, hivyo haizuiwi na `mask` tuliyoiweka. Upande wa wasanifu, tuliacha kuipachika folda moja kwa moja kompyuta inapowaka. Sasa inapachikwa mtu anapoigusa, na inang'olewa ikikaa dakika tano bila kutumika:

```
192.168.1.10:/kazi /mnt/kazi nfs hard,noauto,x-systemd.automount,x-systemd.idle-timeout=300,x-systemd.mount-timeout=20,_netdev 0 0
```

Mstari huo kwenye `/etc/fstab` unabakiza `hard` kwa kazi inayoendelea, lakini unaondoa ule utegemezi wa siku nzima. Msanifu aliyebaki ofisini usiku akiigusa folda wakati seva imelala, anasubiri sekunde 20 kisha anaambiwa imeshindikana, badala ya kukwama mpaka asubuhi. Kikwazo chake ni kwamba faili lililoachwa wazi linaizuia folda ising'olewe, na dirisha la mafaili lililoachwa ndani ya /mnt/kazi linafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo tuliwaomba wafunge madirisha yao kabla ya kutoka.

Jambo moja lilibaki, na kwa umeme wetu ni la lazima. Mashine iliyolala inaweka kila kitu kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme. Umeme ukikatika usiku, usingizi unageuka kuwa kuzimika, na mashine nyingi hazifuati tena kengele ile. Tuliingia kwenye mipangilio ya ubao mama tukachagua iwake yenyewe umeme unaporudi. Ikiwaka namna hiyo inaanza upya, haiamki. NFS toleo la nne ikianza upya hutoa sekunde 90 za neema ili kompyuta zilizokuwa na mafaili wazi zidai haki zao, na ndani ya muda huo anayefungua faili jipya atasubiri. Dada wa usanifu nilimwambia hivyo hivyo: asubuhi ukikuta folda inasita, hesabu dakika moja na nusu kabla ya kunipigia.